Kulinganisha vipimo vya utamaduni katika timu ya nchi kadhaa bila kuwabandika watu lebo

Kosa linalojirudia ni hili. Kiongozi wa timu iliyotawanyika nchi tatu anafungua ukurasa wa mtandaoni wa kulinganisha nchi, anachagua nchi zake, zinajitokeza nguzo za rangi, anazinakili kwenye slaidi na kuzionyesha kikaoni. Haipiti wiki, watu wanaanza kuambizana, "Hao ndivyo walivyo." Tatizo lililomfanya afungue ukurasa ule liko palepale, ila sasa limepata kisingizio.

Mwongozo huu unaonyesha namna ya kutumia alama hizo bila kufika huko. Nitatumia alama za Geert Hofstede, mtafiti Mholanzi aliyelinganisha tamaduni za nchi kwa namba, kwa kuwa ndizo zinazopatikana kwa urahisi na ndizo wengi wanaoniandikia wanazo mkononi. Tutaifuata timu moja ya mfano tangu mwanzo hadi mwisho: watu tisa wanaotengeneza programu ya malipo, watatu wako Uholanzi, wanne India, wawili Japani. Meneja wao yuko Uholanzi. Malalamiko yake ni kwamba taarifa za kuchelewa kwa kazi zinamfikia siku ya mwisho, wakati hakuna tena cha kuokoa.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kumbukumbu za kazi za miezi miwili au mitatu iliyopita: mihutasari ya vikao, ujumbe wa timu, tarehe za kazi kuanza na kukamilika.
- Alama za nchi husika kwa kipimo kimoja au viwili tu. Usichapishe vyote sita.
- Orodha ya wanatimu yenye safu hizi: nchi anakofanyia kazi, aina ya ajira (ya kudumu au ya mkataba), muda aliokaa katika timu, na kama lugha ya kikao ni yake ya kwanza au amejifunza.
- Mtu wa kuuliza maswali ambaye hampandishi cheo wala hamwongezei mkataba yeyote kati yao.
- Nusu saa ya mazungumzo kwa kila mwanatimu.

Safu ya aina ya ajira na safu ya lugha ndizo ambazo karibu kila mtu huziacha. Usiziache. Utaona sababu katika hatua ya sita.

## Hatua ya 1: Andika tendo, usiandike taifa

Kabla ya kugusa alama yoyote, andika kwa sentensi moja kile kinachotokea kazini. Sentensi hiyo iwe na tendo, mahali na wakati, na iwe kitu ambacho mtu mwingine angeweza kukihakiki kwenye kumbukumbu.

Meneja wa timu yetu ya mfano alianza na hii: "Wenzetu wa India hawasemi ukweli kuhusu ratiba." Hapo hakuna cha kupima. Alipoambiwa arudi kwenye kumbukumbu aliandika hivi: "Kati ya kazi sita zilizochelewa, tano zilitajwa kwa mara ya kwanza siku ya kukabidhi au siku moja kabla."

Tazama kilichobadilika. Sentensi ya pili haimtaji mtu wa nchi yoyote, na meneja alipozipitia kazi hizo tano aligundua kwamba moja ilikuwa mikononi mwa mtu wa Uholanzi. Sentensi ya kwanza ingeificha milele.

Onyo: sentensi yoyote inayoanza na jina la taifa na kufuatiwa na kitenzi cha mazoea ("Wajapani hukaa kimya", "Waholanzi husema ovyo") ifute uanze upya. Imeshatoa hukumu kabla ya ushahidi.

Umefaulu ikiwa mtu aliye nje ya timu anaweza kusoma sentensi yako, kufungua kumbukumbu, na kukuambia kama ni kweli au si kweli.

## Hatua ya 2: Chagua kipimo kinachogusa tendo hilo

Vipimo vya Hofstede ni sita: umbali wa madaraka, kujitegemea au kuegemea kundi, msukumo wa ushindani, kuepuka hali isiyotabirika, mtazamo wa muda mrefu, na kujiachia au kujizuia. Ukivibeba vyote, utapata nguzo kumi na nane kwa nchi tatu, na katika wingi huo kila mtu hupata hadithi anayoitaka. Mmoja ataeleza kuchelewa kwa umbali wa madaraka, mwingine kwa kuegemea kundi, wa tatu kwa mtazamo wa muda mrefu, na wote wataonekana wana hoja.

Kwa hiyo jiulize: tendo langu linahusu nini hasa? Kumpelekea bosi habari mbaya kunahusu umbali wa madaraka, yaani kiasi ambacho watu wanaona ni kawaida mamlaka kutogawanywa sawa. Kipimo cha pili kinachoweza kugusa ni kuepuka hali isiyotabirika, kwa kuwa kuna wanaosubiri hadi wawe na hakika kamili kabla ya kutamka kwamba kazi imekwama. Viwili hivyo vinatosha.

Alama zake ni hizi:

| | Umbali wa madaraka | Kuepuka hali isiyotabirika |
|---|---|---|
| Uholanzi | 38 | 53 |
| India | 77 | 40 |
| Japani | 54 | 92 |

Umefaulu ikiwa unaweza kueleza kwa sentensi moja uhusiano kati ya kipimo na tendo ulilolitaja. Ukihitaji aya nzima, kipimo hicho hakihusiki.

## Hatua ya 3: Soma alama kama ilivyotengenezwa

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Alama za mwanzo zilitokana na dodoso walizojaza wafanyakazi wa kampuni moja, IBM, kati ya mwaka 1967 na 1973. Umbali wa madaraka ulikokotolewa kwa maswali matatu: wafanyakazi huogopa mara ngapi kuonyesha kwamba hawakubaliani na bosi, bosi wao wanamwona akiamua kwa mtindo gani, na wangependelea bosi wa mtindo gani. Majibu yalifanyiwa wastani kwa nchi nzima, kisha yakapitishwa kwenye kanuni iliyosambaza nchi takribani kati ya 0 na 100. Malaysia ilipata 104, Austria 11.

Kutokana na hapo, mambo matatu yanafuata.

Kwanza, 77 ya India haimaanishi kwamba asilimia 77 ya Wahindi wanamwogopa bosi. Namba hiyo peke yake haina maana yoyote. Inasema tu kwamba wastani wa India uko juu kuliko wa Japani, na wa Japani uko juu kuliko wa Uholanzi.

Pili, alama ni ya nchi, si ya mtu. Hofstede mwenyewe alisisitiza kwamba vipimo vyake vinalinganisha jamii na havifai kumpimia mtu mmoja. Hili si tahadhari ya adabu tu, ni la kihesabu. Vas Taras na wenzake walichambua tafiti 558 na mwaka 2016 wakaonyesha kwamba takribani asilimia 80 ya tofauti za maadili ya kazi ziko ndani ya nchi, kati ya watu wa nchi moja, na sehemu ndogo tu ndiyo inayotenganisha nchi na nchi. Maana yake kwako ni kwamba ukijua pasipoti ya mtu, bado hujajua sehemu kubwa ya unachotaka kujua.

Tatu, mpaka wa nchi si lazima uwe mpaka wa alama. Katika data hizo za mwanzo, Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia ziliwekwa kapu moja kwa sababu waliojibu katika kila nchi walikuwa wachache mno, na kapu hilo likapewa jina la Afrika Mashariki na alama 64 ya umbali wa madaraka. Kwa hiyo ukikutana na jedwali lenye alama ya 64 kwa Kenya na 64 kwa Ethiopia, usihitimishe kwamba nchi hizo zinafanana. Ni namba moja iliyonakiliwa mara mbili.

Kipimo cha kuepuka hali isiyotabirika kina mtego wake. Wengi wanaiona 92 ya Japani na kusema, "Hawapendi kuthubutu." Sivyo kilivyopimwa. Maswali yake yalihusu msongo wa mawazo kazini, kama kanuni za kampuni zisivunjwe hata pale mfanyakazi anapoamini kuzivunja kungeisaidia kampuni, na mtu anatarajia kubaki na mwajiri wake kwa muda gani. Ni kiu ya utaratibu ulio wazi. Mtu mwenye kiu hiyo anaweza kuingia kwenye jambo la hatari kubwa, ilimradi kanuni za kuingia humo ziandikwe.

Umefaulu ikiwa unaweza kumweleza mwenzako namba zako zilitokana na maswali gani bila kutumia neno "wao".

## Hatua ya 4: Igeuze alama iwe swali, pamoja na maelezo mbadala

Sasa alama inapata kazi yake halali: kukupa swali la kuuliza. Andika dhana yako kwa umbo ambalo linaweza kuonekana si kweli, na chini yake andika angalau maelezo matatu ambayo hayahusiani na utamaduni wa taifa.

Kwa timu yetu:

> Dhana: watu wanachelewa kutoa habari mbaya kwa sababu wanaona si nafasi yao kumpa meneja habari hizo.
>
> Maelezo mbadala:
> a) wanaogopa kukosa mkataba mpya;
> b) hawajui habari mbaya ipelekwe wapi na mapema kiasi gani;
> c) saa na lugha ya kikao vinawanyima nafasi ya kusema.

Maelezo mbadala yasiwe pambo. Kila moja liwe na kitu unachoweza kukichunguza. Chukua (c). Kikao cha timu hii ni saa 4:00 asubuhi kwa saa za Amsterdam. Wakati wa majira ya joto Ulaya, hapo India ni saa 7:30 mchana na Japani ni saa 11:00 jioni. Saa za Ulaya zikirudishwa nyuma wakati wa baridi, Japani inakuwa saa 12:00 jioni. Mtu wa Tokyo anayekaa kimya anaweza kuwa amechoka tu baada ya siku nzima ya kazi. Hilo hulioni kwenye nguzo ya rangi, ila kwenye kalenda liko wazi.

Onyo: dhana ikiwa na jibu kwa kila matokeo, si dhana. "Wakisema, wamezoea Uholanzi, wasiposema, ni utamaduni wao" ni sentensi isiyoweza kushindwa, na kwa sababu hiyohiyo haikufundishi kitu.

## Hatua ya 5: Uliza mtu mmoja mmoja, na asiulize bosi

Kuna kitanzi hapa ambacho lazima ukivunje. Unataka kujua kama watu wanaogopa kumwambia bosi jambo lisilopendeza. Bosi akiuliza mwenyewe, yule anayeogopa atajibu kwamba haogopi. Ndiyo maana orodha ya mwanzo ilidai mtu asiye na mamlaka juu ya ajira zao.

Uliza kuhusu matukio, si kuhusu maoni. Maswali ya "unakubali kwa kiasi gani" yana shida inayojulikana sana katika tafiti za nchi nyingi: kuna wanaopenda kujibu kwenye ncha za mizani, na kuna wanaokaa katikati hata wanapohisi vikali. Ukilinganisha majibu hayo, huenda ukawa unalinganisha mazoea ya kujaza dodoso. Swali kama "mara ya mwisho kazi yako ilipoelekea kuchelewa, ulimwambia nani, siku gani?" linapunguza sana shida hiyo.

Baada ya tukio kusimuliwa, muulizaji ndiye anayeweka alama ya 1 hadi 5 kwa kigezo kimoja kwa wote. Kwa timu yetu, 5 ni aliyemwambia meneja siku ileile alipoona kuchelewa, na 1 ni aliyengoja hadi siku ya kukabidhi.

Kisha uliza "kwa nini hivyo?" na unyamaze. Usipendekeze jibu. Ukisema, "Labda kwenu si kawaida kumpinga mkubwa?" utakuwa umempa mtu njia rahisi ya kutoka, na wengi wataichukua kwa adabu.

Onyo la pili, zito zaidi: usimwombe mtu azungumze kwa niaba ya taifa lake. "Nyinyi huko Japani mnafanyaje?" humgeuza mfanyakazi kuwa balozi, na atakupa jibu la kitabuni badala ya lake. Uliza "wewe".

Na usiahidi usiri usioweza kuutunza. Katika timu ya tisa yenye watu wawili wa Japani, kuandika "mshiriki kutoka Japani alisema" ni sawa na kumtaja. Waambie mapema kwamba majibu yataripotiwa kwa timu nzima bila nchi, na utimize.

Umefaulu ikiwa angalau mmoja amekupa sababu ambayo haikuwa kwenye orodha yako. Kama wote wamethibitisha ulichotarajia, shuku namna ulivyouliza.

## Hatua ya 6: Panga majibu yaleyale kwa njia mbili

Haya ndiyo majibu ya timu ya mfano. Jedwali hili liko mikononi mwa muulizaji peke yake.

| Mtu | Nchi | Ajira | Alama |
|---|---|---|---|
| M1 | Uholanzi | kudumu | 5 |
| M2 | Uholanzi | kudumu | 4 |
| M3 | Uholanzi | mkataba | 2 |
| M4 | India | kudumu | 5 |
| M5 | India | kudumu | 3 |
| M6 | India | mkataba | 2 |
| M7 | India | mkataba | 2 |
| M8 | Japani | kudumu | 3 |
| M9 | Japani | kudumu | 4 |

Panga kwanza kwa nchi. Wastani wa Uholanzi ni 3.7, Japani 3.5, India 3.0. Mpangilio huo unafuata sawasawa alama za umbali wa madaraka: 38, 54, 77. Mtu mwenye haraka angefunga faili hapa na kutangaza kwamba Hofstede alikuwa sahihi.

Usifunge. Panga majibu yaleyale kwa aina ya ajira. Wenye ajira ya kudumu wana wastani wa 4.0. Wenye mkataba wana 2.0, na wote watatu wamepata alama ileile, akiwemo wa Uholanzi. Sasa rudi India uwatoe wenye mkataba: waliobaki wana wastani wa 4.0, juu ya Japani yenye 3.5. India ilionekana ya mwisho kwa sababu nusu ya watu wake ni wa mikataba.

Angalia pia upana ndani ya kila nchi. Kati ya mtu wa juu na wa chini wa India kuna pointi 3, na Uholanzi vilevile. Kati ya wastani wa juu na wa chini wa nchi kuna pointi 0.7 tu. Tofauti ya ndani inapokuwa kubwa namna hiyo kuliko ya nje, safu ya nchi haistahili kuwa maelezo yako ya kwanza.

Watu tisa hawathibitishi kanuni yoyote, na usijaribu kuwafanyia takwimu nzito. Upangaji huu unakuonyesha tu pa kurudi kuuliza. Muulizaji aliporudi kwa wale watatu, walisema jambo moja kwa maneno tofauti: meneja anayepokea habari ya kuchelewa ndiye huyohuyo anayesaini mkataba mpya kila baada ya miezi sita. Hapo umbali wa madaraka upo kweli, ila umejengwa na kampuni yenyewe kwa karatasi ya mkataba. Ukiwapa semina ya utamaduni, utawafundisha watu watatu kwamba tatizo ni malezi yao.

Nisieleweke vibaya. Si kila mara safu ya nchi itaanguka. Timu hii iliulizwa swali la pili: unapendelea kuona hoja kwa maandishi kabla ya kuijadili kikaoni? Wawili wa Japani walitaka hivyo kwa nguvu zote. M8 alieleza kwamba katika kazi zake zote za awali hoja ilizungushwa kwanza kwa mmoja mmoja, na kikao kikawa cha kuhitimisha, utaratibu ambao Wajapani huuita nemawashi. Hapo utamaduni unaeleza kitu, na ni haki kukitaja.

Lakini M9, aliyekaa meza ya pili yake, alitaka maandishi kwa sababu nyingine kabisa: Kiingereza anakisoma vizuri kuliko anavyokisikia, na watu wanapoongea kwa kupokezana haraka anapoteza nusu. M6 wa India naye alitaka maandishi, kwa sababu mtandao wake hukatika. Ombi moja, sababu tatu. Ukiandika "Wajapani wanataka nemawashi", umemsikia M8 na kuwafuta wengine wawili.

Umefaulu ikiwa unaweza kutaja angalau mtu mmoja ambaye majibu yake yanapingana na alama ya nchi yake, na bado maelezo yako yanamtosha yeye pia.

## Hatua ya 7: Andika makubaliano yanayomhusu kila mtu

Makubaliano yanajibu tendo la hatua ya kwanza, na yanawekwa kwa wote. Ukiweka utaratibu maalumu kwa "wenzetu wa India", umerudisha lebo kwa mlango wa nyuma, hata kama nia yako ni njema.

Timu ya mfano iliandika mambo matatu:

1. Kila Jumanne na Alhamisi kila mtu anaweka rangi kwenye kazi yake katika ubao wa timu: kijani, njano au nyekundu. Njano inamaanisha "naona uwezekano wa kuchelewa, sina hakika". Haihitaji maelezo wala ushahidi.
2. Hoja ya kuamuliwa inatumwa kwa maandishi saa 24 kabla ya kikao, na maoni ya maandishi yana uzito sawa na yanayosemwa.
3. Uamuzi wa kuongeza mkataba unahamishiwa kwa mkuu wa idara, na rangi za ubaoni hazitumiki kama kigezo.

La kwanza linawasaidia wanaosubiri hakika, kwa kuwa limeyafanya mashaka yenyewe kuwa taarifa halali. La tatu ndilo gumu, kwa sababu linamgusa meneja. Bila hilo, ubao utabaki wa kijani hadi siku ya kukabidhi, kwa watu walewale watatu.

Onyo: alama za utamaduni zisiingie kamwe kwenye usaili, tathmini ya utendaji, au mgao wa kazi. Kumnyima mtu nafasi ya kuongoza kwa kuwa nchi yake "ina umbali mkubwa wa madaraka" ni ubaguzi wa utaifa, na katika nchi nyingi ni kosa la kisheria.

## Hatua ya 8: Futa safu ya nchi, kisha pima tena

Makubaliano yakishasainiwa, futa jedwali lenye nchi. Limeshamaliza kazi. Likibaki kwenye folda ya pamoja, mgeni atakayeingia timuni atalisoma kabla hajazungumza na mtu, na atawaona wenzake kupitia namba hizo.

Baada ya wiki nane, rudi kwenye sentensi ya hatua ya kwanza na kipimo kilekile: kati ya kazi zilizochelewa, ngapi zilitajwa kabla ya siku mbili za mwisho? Usipime kama watu "wameelewana zaidi". Hesabu kazi.

Kama namba haijasogea, anza kuchunguza haya, kwa mpangilio huu:

- Je, kuna aliyeweka njano akaadhibiwa? Soma majibu ya meneja kwenye ubao. Swali moja la "kwa nini hukusema mapema?" mbele ya wote linatosha kuzima rangi ya njano kwa miezi.
- Je, njano zinawekwa lakini hakuna anayezifanyia kazi? Basi tatizo lilikuwa usikilizaji, na ulitafuta upande usio wake.
- Je, dhana yako ilikuwa na maelezo mbadala ambayo hukuyachunguza? Rudi hatua ya nne.

Safu ya nchi isirudi mezani mpaka umemaliza hayo matatu. Na mwanatimu mpya akija, usimwonyeshe matokeo ya wenzake. Muulize maswali mawili yaleyale ya hatua ya tano na ya sita, kisha mwulize kama kuna sharti kati ya yale matatu linalomtatiza. M10 wa timu hii, aliyejiunga wiki ya tano kutoka Uholanzi, alisema rangi za ubaoni hazimtoshi kwa kuwa yeye haoni rangi nyekundu na kijani kwa tofauti. Tangu siku hiyo ubao wa timu una herufi: K, J na N.